Mzee Bakuli na Vifungo vya Mwenye Nyumba

Kwa watu wanaochezesha kamari, kasino huitwa nyumba. Ukisikia wanasema nyumba imeliwa, usikimbilie kuwaita zimamoto. Maana yake ni kwamba mteja ameshinda, jambo ambalo hutokea, na wenyewe hulizungumza kwa sauti ya msiba.

Mzee Bakuli alikuwa amekula mshahara wa nyumba moja kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, na hata mkewe alipolihitaji alikwenda kulisoma huko. Bakuli ni kwa sababu ya bakuli la shaba alilotumia katika mchezo wa sikibo, mchezo wa dadu tatu. Anaziweka dadu kwenye kisahani, anazifunika kwa bakuli, anatikisa mara tatu, anatua. Wateja wanaweka dau zao juu ya kitambaa cha meza kilichochorwa visanduku kila upande. Kisha anafunua. Basi. Hakuna taa inayowaka wala muziki unaolia. Vipo vyombo siku hizi vinavyotikisa dadu kwa umeme ndani ya kuba la kioo, na wapo watu wazima wanaoviita maendeleo.

Alianza kazi hiyo enzi ambazo mchezeshaji alifunga tai mwenyewe, si kuipachika kwa ndoano. Mteja alivuliwa kofia, akapewa kiti, akaachwa afikiri. Mchezeshaji akiondoka mezani alipiga makofi mara moja na kugeuza viganja juu na chini, watu wote waone kwamba haondoki na kitu. Bakuli alikuwa bado anafanya hivyo, taratibu, kama mtu anayeaga jeneza. Vijana wa sasa wanafanya kama wanaokung'uta makombo. Na wateja nao, nusu yao hawaji kabisa. Wanacheza kamari kwa kidole gumba wakiwa chooni.

Shule aliiacha darasa la tano. Hesabu alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada, na mwaka wake wa pili kazini aliketi na daftari akaandika kwa mkono njia zote ambazo dadu tatu zinaweza kuangukia. Zilikuwa mia mbili kumi na sita. Ilimchukua wiki mbili na penseli tatu. Alipomaliza aliona kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwambia, na tangu siku hiyo hakuweza kufunga mdomo.

Alimweleza kila aliyeketi mezani pake. Alieleza kwamba Ndogo ni jumla ya nne hadi kumi, Kubwa ni kumi na moja hadi kumi na saba, na zikitoka dadu tatu zinazofanana zote mbili zinaliwa. Ukiweka Kubwa, njia mia moja na tano ni zako na mia moja kumi na moja ni za nyumba, na kwa kuwa unalipwa moja kwa moja, katika kila mia unayoweka nyumba inabaki na mbili na nukta saba nane. Hapo ndipo pa kuketi mtu mwenye akili. Ukisogea kwenye namba moja moja, nyumba inakula karibu nane. Ukitaja tatu sawa yoyote ile unalipwa thelathini kwa moja, na nyumba inakula karibu kumi na nne. Ukitaja tatu sawa ya namba yako mwenyewe unalipwa mia na themanini kwa moja, unaota ndoto nzuri, na nyumba inakula kumi na sita. Ukitaja jozi ya namba yako, kumi kwa moja, unaliwa kumi na nane na nusu, na hata ndoto yenyewe ni fupi.

Aliamini kwamba anaokoa watu. Meneja aliamini kwamba ni kichaa, na alikwisha kumwandikia barua tatu za onyo.

Meneja huyo alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mwenye stashahada na marashi yaliyokuwa yakifika mlangoni kabla yake. Kazi aliipata kwa sifa zake, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mwenye nyumba ni shangazi yake. Mwaka ule alitaka kuleta mashine za kubonyeza, zile zinazopiga kelele kama kuku wamevamiwa, na nafasi haikuwepo. Ukumbi ulikuwa na meza mbili tu zilizokuwa zikigombea pembe moja: sikibo ya Mzee Bakuli, na Joka na Chui ya shemeji yake.

Shemeji, mke wa mdogo wake Bakuli, aliitwa Umeme. Bakuli ndiye aliyemwingiza kazini na kumfundisha kushika karata, na hakuna siku aliyoacha kujutia. Mchezo wake mtu huujifunza kwa muda wa kupiga chafya. Karata moja kwa Joka, moja kwa Chui, kubwa inashinda, ree ndiyo ya chini na mfalme ndiye wa juu. Hakuna kuongeza karata wala kufikiri. Bakuli aliuita mchezo wa watu waliosahau jiko linawaka.

"Shemeji," Umeme alikuwa akimwambia, "wewe ukitikisa bakuli mara tatu, mimi nimeshakula watu wawili na kumeza mate."

Meneja alitoa uamuzi wake kwa karatasi ubaoni. Meza moja itaondoka. Kama ni ya sikibo, Mzee atahamishiwa kwenye kibanda cha mlangoni, akatunze helmeti na miavuli ya wateja na kuwapa vibati vyenye namba. Mwenye nyumba mwenyewe atakuja Jumanne saa tisa mchana, wakati ukumbi hauna watu, aone meza zote mbili na kuchagua.

Bakuli hakula vizuri kuanzia Ijumaa. Mkewe alimkuta jikoni akitikisa sufuria lenye maharage makavu, akamwuliza kama amepoteza kitu. Akajibu kwamba bado. Si mshahara uliomkosesha usingizi, maana kibandani wangemlipa vilevile. Ni kwamba alikuwa hajui mtu anawezaje kuieleza helmeti.

Jumanne saa tisa kasoro dakika tano mwenye nyumba aliingia. Alikuwa mjane mfupi, mnene kidogo, aliyevaa koti la buluu lenye vifungo vikubwa. Kabla ya kuolewa alikuwa fundi cherehani. Kasino aliirithi kwa marehemu mumewe kama wengine wanavyorithi kisukari, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kucheza hata mara moja, kwa hoja kwamba kuweka dau nyumbani kwake ni kujitoa hela mfuko wa kulia na kujitia wa kushoto. Hata siku ile alikataa kupewa chipu. Alitoa kwenye mkoba kopo la vifungo vya nguo, sitini kwa hesabu yake, akaliweka mezani.

"Haya," akasema. "Nani ananieleza?"

Meneja alijieleza kwanza. Alikuwa na karatasi yenye rangi. Alisema kwamba mteja anayeweka mia kwenye Joka kila mzunguko analiwa tatu na nukta saba tatu katika kila mia, na Umeme anachezesha mizunguko themanini kwa saa. Mteja anayeweka mia kwenye Kubwa analiwa mbili na nukta saba nane, na Mzee kwa saa anatikisa mara thelathini na tano, akiwa na afya. Kwa hiyo Umeme analeta karibu mia tatu kwa saa kwa mteja mmoja, na Mzee hata mia haifiki.

Hapo ndipo Bakuli alipofanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya. Alivimba kwa fahari.

Alimwambia mwenye nyumba kwamba Meneja, kwa mara ya kwanza, amesema kweli, ila amekadiria tu. Haitoshi kusema mia haifiki, ni tisini na saba na nukta tatu. Akaendelea kumhakikishia kwamba ukumbi mzima hauna kisanduku kinachomwonea huruma mteja kama Kubwa na Ndogo za meza yake, kwamba mtu anaweza kuketi pale mchana kutwa na kuondoka na suruali yake. Akamwonyesha kwamba kule kwa shemeji, karata zikilingana, aliyeweka Joka au Chui ananyang'anywa nusu ya dau, na kwamba kisanduku cha Sare kinalipa nane kwa moja ilhali sare hutoka mara moja katika kumi na tatu hivi, ambayo ni karibu theluthi ya dau kwenda na maji. Alisema neno "wizi". Alilisema mara mbili.

Meneja alitabasamu, akakunja karatasi yake. Umeme alimtazama shemeji yake kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayejisifu kwa fisi kwamba mbuzi wake hawana mlinzi.

"Kwa hiyo, baba," mwenye nyumba aliuliza polepole, "unanisifia kwamba meza yako hainiletei kitu?"

Bakuli akafungua mdomo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amejieleza kwa wanaoliwa. Hakuwahi kujieleza kwa anayekula. Aliufunga mdomo, na marafiki zake wakisimuliwa baadaye walikataa kuamini sehemu hiyo.

Mwenye nyumba alitaka kuonja mwenyewe. Akaanza kwa Umeme. Aliweka kifungo kimoja Joka, akaliwa. Kimoja tena Joka, akalipwa. Viwili Joka, zikatoka nane kwa nane, na Umeme akachukua kifungo kimoja bila kubadili uso.

"Mbona umechukua?"

"Sare, Mama. Nusu ni ya nyumba."

"Na nyumba si yangu?"

"Ndiyo, Mama. Hongera."

Akaweka Sare yenyewe mara nne, viwili viwili, na mara nne akaliwa. Yote hayo yalichukua dakika tano. Alijaribu kufikiri wapi pa kuweka tena, akakuta pa kufikiri hapapo, ni huku au kule. Akapiga mwayo, akafunika kopo, akahamia meza ya Bakuli.

Mzee alikuwa ameshakufa moyo, lakini mikono yake haikuwa na habari. Ilitikisa mara tatu na kutua. Mdomo nao, ukiona mtu ameketi, ulianza wenyewe. Alimweleza aweke Ndogo.

Aliweka Ndogo. Zikatoka mbili, tatu, nne, jumla tisa, akalipwa. Ndogo tena, akaliwa. Alicheza hivyo mara kumi, kifungo kimoja kimoja, na mwishowe alikuwa na vifungo vilevile alivyoanza navyo. Akalalamika kwamba huo si mchezo, ni kukaa foleni benki. Akaegemea kitambaa, akakisoma kisanduku kwa kisanduku kama mtu anayechagua kitenge, akaweka kidole kwenye picha ya dadu tatu zenye tano.

"Hii inalipa ngapi?"

"Mia na themanini kwa moja, Mama. Lakini inatoka mara moja katika mia mbili kumi na sita. Nyumba inakula kumi na sita kwa mia. Usiweke hapo."

Akaweka viwili hapo.

Bakuli alirudia maelezo, pengine hakusikia. Mwenye nyumba alisema amesikia. Zikatoka sita, tano, moja. Aliona tano imo, akafurahi, akaweka viwili vingine. Bakuli alimweleza kwamba tano moja si theluthi ya kushinda. Zikatoka mbili, mbili, nne. Akaweka viwili. Raundi ya sita au ya saba zikatoka tano, tano, nne, na mwenye nyumba akasimama kitini.

"Zimekaribia."

"Mama, dadu hazikaribii popote. Hazikumbuki hata zilitokaje sasa hivi."

"Wewe ndiye huzijui. Tikisa."

Meneja alikuja kusimama nyuma yake, akamwita Shangazi kwa sauti ya chini, akimkumbusha kwamba ana miadi. Shangazi alimjibu kwamba miadi ina miguu, itasubiri. Kadiri Bakuli alivyomsihi, ndivyo alivyosukuma vifungo kwa nguvu zaidi. Bakuli alichukua daftari lake la zamani kutoka chini ya meza, akamfungulia ukurasa wenye njia zote, akamwonyesha kwa kidole ile njia moja pekee ya tano tatu katikati ya umati wa wenzake. Mwenye nyumba aliitazama vizuri, akasema kumbe ipo, akaweka vitatu.

Kopo likaisha. Akaomba mkasi. Hapakuwa na mkasi, basi aling'ata uzi kwa meno, kama fundi, akakata kifungo cha kwanza cha koti lake, kisha cha pili, hadi koti likabaki limeshikiliwa kwa mkono wa kushoto. Koti lilipokwisha aligeuka akamtazama Meneja kifuani.

"Mwanangu, hebu sogea."

"Shangazi, hili shati nililinunua juzi."

"Sogea."

Ilipotimia saa kumi na robo Meneja alikuwa amesimama katikati ya ukumbi ameshika shati lake kwa mikono miwili kama mwali aliyekutwa kisimani, Umeme alikuwa ameinama chini ya meza yake akijifanya anaokota karata, na mbele ya Bakuli palikuwa na kilima cha vifungo vya kila rangi. Tano tatu haikutoka. Mzee alipiga makofi mara moja, akageuza viganja juu na chini, na hakujua kwa nini alijisikia kama mwizi.

Mwenye nyumba alijipangusa uso kwa mkono wa koti. Alikuwa ametokwa jasho, na macho yake yalikuwa yamechangamka kwa namna ambayo wanaomjua hawakuwa wameiona tangu marehemu alipofariki.

"Nihesabie, baba," akasema. "Mtu anayeweka mia hapa kwenye tatu za namba yake, saa nzima, kwa mizunguko yako hiyo thelathini na tano."

Bakuli hakutaka. Lakini swali la hesabu kwake lilikuwa kama kujikuna. "Mia tano sitini na saba, Mama."

Meneja akaona mwanya, akasema kwamba Sare ya kule inakula theluthi, hii ya hapa haiifikii. Shangazi yake alikubali kwamba ni kweli kabisa. Alisema kwamba theluthi hiyo ilimkimbiza kwa dakika tano, akaondoka na kopo lake karibu zima, akaja kulimalizia hapa, pamoja na koti. Kule hakupata pa kuota. Hapa alikuwa na kitambaa kizima cha kuota.

"Na jambo jingine," akamgeukia Bakuli. "Uliniambia kila kitu. Sikudanganywa hata nukta. Na kila uliponiambia nisiweke, nilitaka nikuonyeshe. Hao uliowaeleza miaka yote hii, ni wangapi walikusikia?"

Mzee aliinua mkono ahesabu. Alianza na fundi saa mmoja aliyekubali maneno yake na kucheza Ndogo mwezi mzima. Kisha akakumbuka kwamba mwezi wa pili fundi huyo alirudi na kuanza kutafuta tatu za sita, na aliuza hadi darubini yake ya kazi. Alimtaja mwalimu mkuu mstaafu aliyenakili daftari lote; huyo alikuwa bora kuliko wote katika kueleza kwa nini asiweke pale alipokuwa akiweka. Akamkumbuka muuza magodoro, ambaye kweli alisikia na hakurudi tena. Umeme, kutoka chini ya meza, akasema kwa upole kwamba muuza magodoro alifariki, shemeji, tulikwenda maziko wote.

Kidole kikabaki hewani.

Uamuzi wa mwenye nyumba ulitoka palepale. Sikibo inabaki. Joka na Chui inabaki, isogezwe karibu na mlango kwa ajili ya wenye haraka. Mashine zikitaka nafasi, ofisi ya Meneja ni kubwa kuliko kazi inayofanyika humo. Barua tatu za onyo zichanwe. Na Mzee, tangu leo, amweleze kila mteja njia zote mia mbili kumi na sita, bila kuficha, kwa amri ya nyumba.

Kwa miaka mingi Bakuli alikuwa ameota siku ya kuruhusiwa kusema kweli. Alikwenda nyumbani kwa miguu na hakumsalimu mtu. Mkewe alipouliza kama meza imepona, alisema imepona. Alipouliza mbona basi uso uko hivyo, Mzee alisema kwamba amegundua yeye ndiye chambo.

Jumatano alieleza kama alivyoamriwa, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mafuta, na watu wakaitikia kwa vichwa na kujaza vile visanduku vya ndoto. Alhamisi vilevile. Ijumaa mchana aliketi mbele yake dereva mmoja wa teksi, mtu wa makamo, mgeni mezani, mwenye chipu sita mkononi. Alizishika juu ya tatu za nne, akasita, akamwuliza mchezeshaji anaonaje.

Bakuli aliangalia kulia. Meneja alikuwa mbali, akihamishia faili zake kwenye kibanda cha helmeti. Akainama karibu.

"Weka hapohapo," akanong'ona. "Ndiyo bora kuliko zote. Nyumba haitaki watu wajue."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza mezani, na masikio yalimwaka moto. Dereva alimtazama usoni muda mrefu, kwa jicho la mtu aliyewahi kuuziwa gari lenye injini ya kupakwa rangi. Kisha, bila kumwondolea macho, akavuta chipu zote sita polepole juu ya kitambaa, akazipanga kwenye Ndogo.

"Mimi si mtoto, mzee," akasema. "Funua."

Bakuli alifunua. Ilibidi ainamishe uso ili dereva asione anavyofurahi.